Hela nimeishika, hasara imetoka wapi?

"Nina shamba la robo eka Kigamboni, lina kisima. Kiangazi kilichopita nililima nyanya, nikatoa gharama zote, nikabaki na shilingi 1,150,000. Mwanangu yuko kidato cha tano, anasoma uchumi. Ananiambia kiuchumi nimepata hasara kwa sababu ya 'gharama ya fursa', kwamba ningelima mchicha. Hela nimeishika kwa mikono yangu. Hasara imetoka wapi?"

Mama, hela uliyoishika ni yako, na hakuna hesabu ya uchumi itakayoipunguza hata shilingi. Mwanao naye hasemi kwamba imepotea. Anachosema ni kwamba katika miezi ileile shamba lako lingeweza kufanya kazi nyingine, na huenda kazi hiyo ingekulipa zaidi. Ulipoamua kupanda nyanya, ulilipia uamuzi huo mara mbili: kwanza kwa fedha zilizotoka mfukoni kununua mbegu, mbolea na dawa, kisha kwa kipato cha mchicha ambacho hakikuja kwa sababu ardhi ilikuwa imeshikwa na nyanya. Malipo hayo ya pili ndiyo gharama ya fursa. Wengine huyaita gharama mbadala. Hayana risiti wala hayamo kwenye daftari lako, kwa hiyo ni rahisi kuishi miaka mingi bila kuyaona.

Anayetajwa zaidi kwa kulileta wazo hili katika uchumi ni Friedrich von Wieser, Mwaustria aliyefariki mwaka 1926. Alichokisisitiza ni kwamba gharama halisi ya kitu ni thamani ya kile ambacho ardhi, kazi na mtaji uleule ungezalisha mahali pengine. Kwa shamba lako maana yake ni hii: gharama ya fursa ya nyanya ni kile ambacho robo eka hiyohiyo, kwa wiki zilezile, ingekupa katika matumizi yaliyo bora kuliko yote uliyoyaacha.

Nilipokupigia simu ulinisomea daftari lako, na nakushukuru, kwa sababu bila namba tungebishana bure. Nyanya zilikaa shambani wiki 16, tangu ulipohamisha miche kutoka kitaluni mwanzoni mwa Juni hadi mchumo wa mwisho katika nusu ya pili ya Septemba. Ulitoa matenga 60, ukauza kwa wastani wa shilingi 35,000 kila tenga, jumla 2,100,000. Mbegu, mbolea, dawa, petroli ya pampu, vibarua na gari la kwenda sokoni vilikula 950,000. Ukabaki na hiyo 1,150,000.

Mchicha nao unaujua, maana uliulima miaka miwili kabla. Shamba lako linatoa matuta 60. Wachuuzi huja kununua tuta zima na kung'oa wenyewe, na wastani wa bei ni shilingi 10,000. Mzunguko mmoja, kuanzia kulima na kutia samadi ya kuku hadi kung'oa, ni wiki nne. Kwa hiyo matuta 60 ni shilingi 600,000. Gharama zako ni kama 4,000 kwa tuta, yaani 240,000 kwa shamba zima. Unabaki na 360,000.

Kwenye simu ulisema, "Sasa laki tatu na sitini na milioni moja na ushei, kipi kikubwa?" Kosa la kwanza liko hapo, na wakulima wengi ninaokutana nao Dar wanalifanya. Umelinganisha wiki nne za mchicha na wiki 16 za nyanya. Ardhi haikodishwi kwa zao, inakodishwa kwa muda. Nyanya zilipokaa wiki 16 zilizuia mizunguko minne ya mchicha, si mmoja. Minne mara 360,000 ni 1,440,000. Hicho ndicho kilichoachwa.

Hapo ndipo hasara anayoisema mwanao inapotokea. Mauzo ya nyanya yalikuwa 2,100,000. Ukitoa 950,000 zilizotoka mfukoni na 1,440,000 za mchicha ambao haukupandwa, unapata pungufu ya 290,000. Mhasibu angeandika faida ya 1,150,000. Mwanauchumi anayetazama ardhi peke yake anaandika hasara ya 290,000. Wote wawili wako sahihi kwa sababu wanajibu maswali tofauti. Mhasibu anauliza: je, ulirudisha ulichotumia na kikazidi? Mwanauchumi anauliza: je, hayo ndiyo matumizi bora ya shamba lako? Ukitaka kujua kama utaweza kulipa ada Januari, msikilize mhasibu. Ukitaka kujua upande nini msimu ujao, msikilize wa pili.

Lakini kabla hujamkubalia mwanao, tuichungulie hesabu yake, maana nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakiifahamu maana ya neno hili na bado wakakosea kulihesabu.

Alikwambia, kama ulivyonieleza, kwamba umeacha "milioni mbili na laki nne za mchicha". Hiyo ni mauzo yote ya mizunguko minne, 600,000 mara nne. Hukuacha hizo. Kama ungelima mchicha ungetumia 960,000 kwa samadi, mbegu, petroli na vibarua, na kwa kuwa hukulima, fedha hizo hukuzitumia. Kilichoachwa ni kile ambacho kingebaki, 1,440,000. Kisha akaongeza kwamba jirani alitaka kukodi shamba kwa 300,000 kwa msimu, kwa hiyo na hiyo nayo umeikosa. Hapana. Shamba lisingeweza kulimwa mchicha na wewe na papo hapo kukodishwa kwa jirani. Njia ulizoziacha hazijumlishwi. Unachukua moja tu, ile iliyo bora kuliko nyingine, kwa sababu hata ungeacha nyanya ungepata moja tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike jibu refu. Nilipokuuliza asubuhi zako zilikuwaje wakati wa nyanya, ulinijibu kama jambo la kawaida tu: "Asubuhi nakaanga vitumbua, shambani naenda mchana." Nikauliza, na wakati wa mchicha? Ukasema wakati wa mchicha vitumbua uliviacha, kwa sababu udongo wenu ni wa mchanga, unakauka upesi, na mchicha unataka maji asubuhi na jioni. Tena wachuuzi hufika alfajiri, nao wanataka mwenye shamba awepo wa kuhesabu matuta.

Hilo halimo kwenye hesabu ya mwanao, nami naamini ndilo kubwa kuliko yote. Amepima ardhi yako akasahau mikono yako. Nyanya na mchicha havitumii saa zilezile za siku. Nyanya zilikuachia asubuhi, mchicha unazichukua. Na asubuhi zako zina bei: ulisema vitumbua vinakuachia kama shilingi 4,000 kwa siku baada ya kutoa unga wa mchele, sukari, mafuta na mkaa, siku sita kwa wiki. Kwa wiki 16 hizo ni shilingi 384,000.

Kwa hiyo kama ungelima mchicha, ungepata 1,440,000 shambani na ungepoteza 384,000 jikoni. Kilichoachwa kwa kweli ni 1,056,000. Ukikiweka mbele ya 1,150,000 za nyanya, nyanya zimeshinda kwa 94,000. Mama, kwa msimu ule, kwa namba hizi, hukupata hasara ya aina yoyote. Ulichagua vizuri, ingawa daftari lako halikuandika sababu.

Sisemi hivyo kumshusha mwanao. Kanuni aliyofundishwa ni ya kweli na ameielewa. Tatizo ni kwamba vitabuni mkulima huwa na shamba moja na mazao mawili basi, na muda wake huonekana kama haumgharimu kitu. Kazi ya mwenye shamba mwenyewe haina mshahara kwenye daftari, kwa hiyo inahesabiwa sifuri. Kazi hiyo inakuwa sifuri pale tu ambapo saa hizo zisingekuwa na kazi nyingine yoyote. Kwa mtu aliyekuwa akikaa tu hadi saa nne, asubuhi ya kumwagilia mchicha haimpotezei kipato. Kwako wewe kila asubuhi ni sahani za vitumbua. Ndiyo maana majirani wawili wenye udongo mmoja na kisima kimoja wanaweza kupanda mazao tofauti, na wote wakawa sawa.

Kuna jambo la wakati pia. Uliniambia kwa uchungu kwamba Septemba bei ya nyanya ilishuka kuliko ulivyotegemea, na kwamba "ningejua ningepanda mchicha". Gharama ya fursa haipimwi kwa kile ulichokuja kukijua baadaye. Inapimwa kwa kile ulichoweza kutazamia siku ile unaamua. Hata hivyo, kushuka huko kulitazamika kwa kiasi fulani. Kiangazi nyanya huingia Dar kwa malori kutoka Ilula kule Iringa, kutoka Morogoro na kutoka milima ya Lushoto. Nyanya husafiri, kwa hiyo bei yako Kigamboni inaamuliwa na watu walioko mbali ambao huwajui. Mchicha hunyauka upesi, hausafiri mbali, kwa hiyo bei yake inaamuliwa na wakulima wa mabondeni hapahapa mjini na pembezoni. Wakati wa kiangazi walio na maji ni wachache, na wewe una kisima. Kwa hiyo unapoweka makadirio ya msimu ujao usichukue bei ya mwaka mzuri wala ya mwaka mbaya. Chukua wastani wa misimu uliyoiandika, na kwa nyanya uhesabu pia ule msimu ambao wadudu wa kantangaze walikula matunda ukabaki na matenga machache. Hiyo ni sehemu ya zao, haikuwa bahati mbaya ya mara moja. Mchicha ukiharibika unapoteza wiki nne. Nyanya zikiharibika karibu na mchumo unapoteza msimu.

Halafu kuhusu ile miti ya kuegeshea nyanya. Ulisema umeshaitolea 180,000, kwa hiyo "lazima nilime nyanya tena niirudishe". Fedha hiyo imekwisha kwenda, mama. Ukilima nyanya hairudi, ukilima mchicha hairudi, kwa hiyo isikusukume upande wowote. Lakini ulisema pia kuna mtu yuko tayari kuinunua kwa 80,000. Hiyo 80,000 ndiyo inayohesabika, tena inahesabika upande wa gharama: ukiamua kulima nyanya tena, utakuwa umeacha kuipokea. Bei uliyonunulia haina kazi tena kwenye uamuzi huu. Bei unayoweza kuuzia leo ndiyo yenye kazi.

Sasa msimu ujao. Hadi hapa tumezungumza kana kwamba shamba lote ni la nyanya au lote la mchicha, na swali ulilouliza lilikuwa hivyo. Lakini gharama ya fursa haifanani kutoka tuta moja hadi jingine, na hapo ndipo inapokuwa na faida kwako zaidi ya kumjibu mwanao.

Ile bei ya 10,000 kwa tuta ni wastani. Ulinieleza kwamba una wachuuzi wako wa siku zote, nao kwa wiki wanachukua matuta manane kwa shilingi 12,000 bila kubishana. Lakini matuta 60 kwa wiki nne ni matuta 15 kwa wiki. Hayo saba yanayozidi unawatafutia watu wengine jua likipanda, na mara nyingi yanakwenda kwa kama 7,700. Tuta ni lilelile na samadi ni ileile, ila la kwanza linakuachia 8,000 baada ya gharama na la mwisho linakuachia 3,700.

Linganisha na nyanya. Shamba zima la nyanya lilikuachia 1,150,000. Gawa kwa nafasi 60 za matuta, ni kama 19,200 kwa kila nafasi kwa wiki 16, au 4,800 kwa kila wiki nne. Kwenye matuta yale ya kwanza ya wiki, kupanda nyanya kunakugharimu 8,000 za mchicha ili upate 4,800. Ni hasara. Kwenye matuta yale ya mwisho, kupanda nyanya kunakugharimu 3,700 ili upate 4,800. Ni faida. Kwa hiyo hakuna jibu moja la "nyanya au mchicha". Jibu ni mchicha hadi pale wachuuzi wako wa uhakika wanapotosheka, kisha nyanya sehemu inayobaki.

Kwa namba zako hiyo ni matuta 32 ya mchicha yaliyopishana kupandwa, manane kila wiki, na nafasi ya matuta 28 ya nyanya. Mchicha utakuachia 1,024,000 kwa wiki 16, nyanya kama 537,000, jumla karibu 1,560,000. Hiyo inapita kila njia nyingine tuliyoihesabu. Kuna na faida ya udongo: mwaka unaofuata unahamishia nyanya pale palipokuwa na mchicha. Kurudia nyanya palepale, au kuweka bilinganya, nyanya chungu au pilipili ambazo ni jamii yake, kunalea ule ugonjwa wa mnyauko unaobaki ardhini.

Nimekadiria kwamba nyanya kwenye nusu shamba zitakwenda sawasawa na nusu ya shamba zima. Haitakuwa hivyo kabisa. Gari la kwenda sokoni linalipwa karibu sawa likibeba matenga 28 au 60, kwa hiyo kila tenga litabeba nauli kubwa zaidi. Labda unaweza kuchanga gari na jirani. Ikishindikana, punguza kidogo kwenye ile 537,000, na mpango bado unasimama.

Kinachoweza kuuangusha ni vitumbua. Ikiwa matuta 32 nayo yatakufungia asubuhi zote, toa 384,000, unabaki na kama 1,176,000. Hiyo ni karibu sawa na nyanya tupu, na hapo nisingekushauri ujisumbue. Ikiwa utaweza kumwagilia na bado ukawahi jiko, unapata zaidi ya laki nne juu ya msimu uliopita. Mimi niko mbali, siwezi kulijua hilo, lakini wewe unaweza kulijua kabla hujapanda mbegu. Chagua wiki moja mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaisha. Washa pampu saa kumi na moja alfajiri, pitisha maji kwenye eneo la matuta 32 kana kwamba mchicha upo, uangalie saa unayomaliza na saa unayoinjika kikaango. Mwombe mwanao akuandikie dakika hizo. Na kwa wachuuzi, zungumza nao sasa kama wanaweza kupokea matuta yao manane kwa siku mbili za wiki, tena jioni, badala ya kuja kila alfajiri. Wakikubali, asubuhi zako zote sita zinabaki na kazi ya maji tu, na maji yale mwanao anaweza kuyapitisha siku za likizo.